Sakafu ya Umm al-Rasas na ukuta wa Nikea: huu ni mgogoro mmoja wa picha au ni miwili?

NuruSanaa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naandika insha ya historia ya sanaa inayolinganisha dini zinazokwepa picha na dini zinazoziheshimu. Rasimu ya kwanza ilisema hivi kwa kifupi: katika karne ya 8 Waislamu wa dola ya Bani Umayya na wafalme wa Bizanti, dola ya Kikristo ya Konstantinopoli, waliupiga vita mchoro kwa sababu ileile, yaani amri ya Musa ya kutojifanyia sanamu. Msimamizi wangu ameirudisha na swali moja tu: picha zenyewe ziko wapi?

Basi nimechagua kazi mbili. Ya kwanza ni sakafu ya mozaiki ya kanisa la Mtakatifu Stefano huko Umm al-Rasas, Yordani, iliyofukuliwa mwaka 1986. Imejaa watu na wanyama waliovurugwa: wawindaji, wachumaji zabibu, na hata wale waliotoa fedha ya kuijenga. Ya pili ni mozaiki ya nusu kuba iliyo juu ya madhabahu katika kanisa la Kulala kwa Bikira, Nikea, mji unaoitwa leo Iznik. Pale palikuwa na umbo, likaondolewa ukawekwa msalaba, kisha msalaba nao ukaondolewa akawekwa Bikira Maria na Mtoto.

Swali langu: naweza kuzisoma hizi mbili kama ushahidi wa mgogoro mmoja uliotokea pande mbili za mpaka? Msinihurumie, nataka hoja.

---

Jabali77

Mkuu, jibu ni ndiyo, na mbona liko wazi. Khalifa Yazid bin Abdul-Malik alitoa amri ya kuharibu picha mwaka 721. Miaka michache baadaye, 726 hadi 730, Mfalme Leo wa Tatu anaanza yake Konstantinopoli. Waarabu walikuwa wamemshinda Mbizanti nchi baada ya nchi, na aliyeshindwa humuiga mshindi. Hata wanahistoria wa Bizanti wenyewe walimshutumu Leo kwamba ana akili za Kisaraseni.

Ongeza na sarafu. Yustiniano wa Pili aliweka uso wa Kristo kwenye sarafu ya dhahabu katika miaka ya 690. Khalifa Abdul-Malik, baba yake Yazid, naye akaja na dinari ya maandishi matupu mwaka 77 Hijria, yaani 696 au 697. Ni ugomvi mmoja, anayeongoza ni Damasko na anayefuata ni Konstantinopoli.

---

Mama_Wawili

Samahani, mimi si msomi wa mambo haya. Nina picha ya marehemu baba yangu ukutani, na kuna ndugu ananiambia kila siku niitoe kwa sababu malaika hawaingii. Kwa hiyo kihistoria ni sahihi au si sahihi kuwa nayo?

---

UstadhMdogo

Mama, pole kwa msiba. Hilo ni swali la fatwa na uzi huu ni wa historia, kwa hiyo mpelekee mwanachuoni unayemwamini, akusikilize ana kwa ana. Ila umegusa jambo ambalo litamsaidia mleta uzi, ngoja niliseme.

Qur'ani inakemea masanamu yanayoabudiwa. Kuhusu mchoraji kama mchoraji haikuweka hukumu ya wazi. Hukumu hiyo inatoka kwenye hadithi, na ukizisoma kwa utulivu utaona zina wasiwasi wa aina mbili. Upo wasiwasi wa ibada. Na upo mwingine, ambao watu wa sanaa huuruka: mchoraji Siku ya Kiyama ataambiwa akipe uhai kile alichokiumba. Hapo kosa si la anayesujudu, ni la anayetengeneza, kwa sababu ameiga kazi ya Muumba.

Ndiyo maana Ibn Abbas alipofuatwa na mtu ambaye riziki yake ni kuchora, hakumwambia aache kazi. Alimwambia achore miti na visivyo na roho. Pia kuna habari ya pazia la Bibi Aisha lenye picha: lilipokuwa limening'inizwa lilichukiwa, alipolikata akatengeneza mito ya kuegemea likawa halina neno. Ukumbuke hilo la pazia na mito unapoitazama sakafu yako, kwa sababu sakafu hukanyagwa.

---

Bi_Maktaba

Nuru, Ustadh amekupa ufunguo, mimi nitakuonyesha mlango. Nimefundisha somo hili muda mrefu, na kosa linalojirudia ni kuanza na maneno ya wanateolojia kisha kutafuta picha ya kuyapamba. Anza na jeraha. Liko wapi jengoni, limempata nani, limewaacha nani, na limetibiwa vipi.

Twende Umm al-Rasas kwanza, maana ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Katikati ya sakafu kulikuwa na mizabibu yenye watu wakiwinda na kuvuna. Kuzunguka hapo kuna ukanda wa Mto Nile, wavulana ndani ya mashua wakivua samaki, na miji kumi ya delta ya Misri. Nje yake, kati ya nguzo, kuna picha za miji mikubwa ya Palestina upande mmoja na ya ng'ambo ya Yordani upande mwingine: Yerusalemu, Kaisaria, Askaloni, Gaza, kisha Filadelfia, Madaba, na Kastron Mefaa ambao ndio mji wenyewe uliokuwa hapo.

Sasa tembea kwa macho. Miji yote imesalimika, na makanisa yaliyochorwa ndani yake. Mashua zipo, wavulana waliomo wamevurugwa. Mizabibu ipo, wavunaji hawapo. Ndege wameguswa, samaki wameguswa. Kilichoondolewa ni kila chenye pumzi, kiwe kitakatifu au kisiwe.

Jiulize: kuna Mkristo yeyote wa karne ya 8 aliyewahi kumwashia taa mvulana anayevua samaki sakafuni? Hakuna. Sakafuni hapakuwa mahali pa ikoni, yaani picha takatifu ya kuheshimiwa. Tangu mwaka 427 sheria ya Kirumi ilikataza hata msalaba kuwekwa chini, usije ukakanyagwa. Kwa hiyo aliyevuruga sakafu ile hakuwa akipambana na ibada ya picha, kwa kuwa ibada haikuwepo pale. Alikuwa akipambana na kuwepo kwa umbo la kiumbe hai.

Nikea ni kinyume kabisa. Mahali ni nusu kuba ya madhabahuni, pale ambapo macho yote ya kanisa huelekea wakati wa ibada. Umbo lililosimama pale ndilo lililoondolewa, na badala yake haukuwekwa mti wala kiraka, umewekwa msalaba. Hapo swali si nani ameumba kiumbe. Swali ni nani anayeheshimiwa, na kupitia kitu gani.

---

Katekista_J

Bi Maktaba, heshima kwako, lakini kwenye la Yordani naona unalilainisha. Wakristo walikuwa chini ya utawala wa Kiislamu, ikaja amri, wakaharibiwa makanisa yao. Hayo ni mateso, yaitwe kwa jina lake. Na waliotetea imani walipatikana hukohuko: Yohane wa Damasko aliandika hotuba tatu za kutetea picha takatifu akiwa ndani ya nchi ya khalifa.

---

Bi_Maktaba

Katekista, la Yohane uko sahihi, tena lina uzito kuliko ulivyolitumia. Hotuba zake zinamjibu mfalme wa Konstantinopoli. Aliweza kumkemea mfalme Mkristo kwa ukali ule kwa sababu aliishi mahali ambapo mkono wa mfalme haukufika. Hoja yake kuu ni kwamba Mungu asiyeonekana hachoreki, lakini alipotwaa mwili akaonekana, na aliyeonekana anaweza kuchorwa. Kwamba kuchora kiumbe hai ni kumuiga Muumba si suala linaloongoza utetezi wake. Alikuwa kwenye ule mgogoro mwingine, mgogoro wa Nikea.

Kuhusu mateso, soma maandishi ya sakafu ileile. Yanamtaja askofu na kuwashukuru waliochangia. Mwaka 756, chini ya Askofu Ayubu, eneo la madhabahu likawekewa mozaiki mpya, na fundi Staurakio ametajwa kwa jina. Jumuiya ilikuwa hai, ina fedha, inajenga. Nenda pia Ma'in, si mbali na Madaba. Sakafu ya kanisa la huko ina maandishi ya mwaka 719 au 720, na mlikuwa na simba na ng'ombe wa unabii wa Isaya, simba atakula majani kama ng'ombe. Ng'ombe ameondolewa ukawekwa mti. Zimebaki kwato na mkia pembeni ya shina.

Kanisa likivamiwa na watu wenye hasira hawapandi mti mahali pa ng'ombe.

---

FundiSakafu

Naomba niingie. Kazi yangu ni sakafu, terazo na mozaiki, na nimeshakarabati za zamani pia. Nimezitazama picha alizoweka mleta uzi na nina la kusema upande wa mikono.

Ukitaka kuharibu sura sakafuni kwa chuki unapiga nyundo. Nyundo ikigonga mozaiki, vijiwe vya katikati vinapasuka, vya pembeni vinalegea, na lile tandiko la chokaa chini linaacha shimo. Hapa sioni hivyo. Naona vijiwe vimeng'olewa vikiwa vizima, kisha vimerudishwa palepale bila mpangilio. Rangi ni zilezile: pale palipokuwa na uso kuna mchanganyiko wa waridi, nyeupe na kahawia. Yaani uso wenyewe umo mle, ila umekorogwa. Kwingine wamejaza vijiwe vyeupe vikubwa zaidi.

Kazi hiyo ina hatua. Unakata kufuata ukingo, unang'oa kwa patasi nyembamba, unakwangua chokaa ya zamani kwenye kila kijiwe, unachanganya chokaa mpya, unapanga, unakandamiza na ubao hadi pawe sawa na jirani yake, halafu unaacha pakauke bila kukanyagwa. Ukifanya kwa sura nyingi namna ile ni kazi ya siku nyingi, na kanisa lazima likubali eneo hilo lisitumike. Huwezi kuifanya usiku kwa siri. Mwenye jengo alijua.

Ila Bi Maktaba nikutahadharishe kidogo, na mleta uzi pia. Nimewahi kusikia wasomi wakisema kwamba kuacha mzingo wa umbo ukionekana ni makusudi, eti walitaka ionekane kuna kitu kimeondolewa. Huenda. Lakini fundi yeyote akiambiwa atoe mtu kwenye sakafu atakata kwa kufuata mzingo wa mtu, kwa sababu ndiyo njia ya kung'oa kidogo zaidi. Mzingo unaweza kuwa uchumi wa kazi tu. Msiujengee teolojia.

---

Bi_Maktaba

Fundi, nimesoma makala nyingi kuhusu mzingo huo na wachache wamefikiria patasi. Asante sana.

Tukiwa kwenye mikono, sikiliza ya Nikea, kwa sababu huko nako jeraha linaongea. Kanisa lenyewe halipo, liliangamia mwaka 1922 katika vita vya Wagiriki na Waturuki. Tunachokitegemea ni picha zilizopigwa mwaka 1912 na ujumbe wa Kirusi. Kwenye picha hizo, ndani ya uwanja wa dhahabu, unaona mshono unaomzunguka Bikira. Halafu kushoto na kulia kuna viraka viwili vya dhahabu vilivyonyooka kwa mlalo, mahali ambapo hakuna kitu kwenye mchoro wa mwisho. Hiyo ndiyo mikono ya msalaba iliyojazwa. Dhahabu ya kuzunguka ni ya awamu ya kwanza, kiraka cha mikono ni cha waliouondoa msalaba. Kuna pia maandishi yanayosema Naukratio amesimamisha picha takatifu, naye anahesabiwa kuwa ndiye aliyerudisha umbo.

Kwa hiyo tuna awamu tatu: umbo, msalaba, umbo. Wengi husema la kwanza nalo lilikuwa Bikira. Inaelekea hivyo, lakini mshono unathibitisha kwamba palikuwa na umbo lililosimama, hautuambii sura yake. Na picha za 1912 hazina rangi, kwa hiyo tofauti ya dhahabu na dhahabu tunaisoma kupitia vivuli vya kijivu. Weka hilo kwenye insha yako, Nuru, usiliache.

Usitegemee kanisa moja pia. Ndani ya Hagia Sofia, Konstantinopoli, kuna chumba kidogo cha juu upande wa kusini-magharibi. Patriaki Niketa alikirekebisha mwaka 768 au 769. Ndani ya viduara palikuwa na vichwa vya watakatifu, vikatolewa ikawekwa misalaba. Chini ya kila kiduara palikuwa na jina la mtakatifu, na majina nayo yaling'olewa, vijiwe vilivyojaza nafasi bado vinaonekana. Hebu fikiri. Jina halina pumzi. Kama tatizo lingekuwa kuiga uumbaji, jina lisingeguswa. Waliling'oa kwa sababu lengo lilikuwa kuvunja uhusiano wa mtu yule na sehemu ile ya ukuta.

---

NuruSanaa

Hili la majina limenisimamisha. Kwa hiyo Umm al-Rasas maandishi yenye majina ya wafadhili yamebaki na sura zao zimeondoka, ila Hagia Sofia sura na majina vimeondoka pamoja?

---

Bi_Maktaba

Ndivyo. Na hapo ndipo hoja yako ya kwanza inapovunjika yenyewe, bila mimi kuivunja.

---

Jabali77

Sawa, lakini bado hamjajibu suala la tarehe. 721 halafu 726. Mtaniambia ni bahati tu?

---

Bi_Maktaba

Jabali, tarehe zako ni halali, ninalokataa ni mnyororo. Amri ya Yazid tunaijua zaidi kupitia Wakristo. Simulizi iliyo maarufu ilisomwa na padri Yohane wa Yerusalemu mbele ya Mtaguso wa Nikea mwaka 787, zaidi ya miaka 60 baada ya tukio. Inasema mchawi wa Kiyahudi alimwahidi Yazid miaka 30 ya utawala akiharibu picha. Yazid alitawala kuanzia 720 hadi 724. Ona kazi ya simulizi hiyo pale mtagusoni: inawafanya wavunja picha wa Konstantinopoli waonekane wanafunzi wa khalifa na mchawi. Ni silaha ya mahakamani. Inaweza kuwa na kiini cha kweli, na mimi naamini amri fulani ilikuwepo, lakini huwezi kuitumia kuthibitisha kwamba Leo aliiga, wakati ilisimuliwa hasa ili kumtukana Leo na mwanawe.

Kisha tazama walichofanya wavunja picha wa Bizanti walipokuwa na nguvu. Maadui wa Konstantino wa Tano, mwana wa Leo, walimshutumu kwamba katika kanisa la Blakerna alifuta habari za Kristo akajaza miti, ndege na wanyama, hadi kanisa likawa kama ghala la matunda na kizimba cha ndege. Ni maneno ya wapinzani, yapokee kwa tahadhari. Lakini shutuma hiyo isingekuwa na maana kama wavunja picha wangekuwa wanachukia viumbe hai. Yazid wa kwenye simulizi angemtoa ndege. Konstantino anatuhumiwa kumwingiza.

Teolojia yao nayo ni ya Kikristo hadi kwenye mizizi. Mtaguso wa Hieria mwaka 754, maaskofu 338, ulisema hivi: ukimchora Kristo, ama unadai umeuchora uungu wake usiochoreka, ama umechora ubinadamu peke yake na umemgawa. Picha yake ya kweli ni mkate wa Ekaristi. Hoja hiyo haina maana kwa Mwislamu yeyote wa Damasko, kwa sababu inaanza na kukubali kwamba Kristo ni Mungu na mtu. Mtaguso huohuo uliwakataza watu kujichukulia vyombo na vitambaa vya kanisa kwa kisingizio cha kuondoa picha bila idhini ya patriaki na mfalme. Watu wa utaratibu.

Sarafu ndiyo sehemu uliyokaribia kweli. Pale kweli watu wawili wanatazamana. Kabla ya dinari ya maandishi, Abdul-Malik alitoa sarafu yenye khalifa mwenyewe amesimama na upanga, kuanzia mwaka 74 Hijria, na nyuma yake ule msalaba wa Bizanti juu ya ngazi ukageuzwa fimbo. Alijaribu picha kwa miaka mitatu hivi, kisha akaacha. Lakini zingatia alichokiacha: ni umbo lake mwenyewe kama mtawala kwenye fedha. Huku jangwani, kwenye jumba la Qusayr Amra, jamaa zake walichorewa wanawake wakioga na wafalme wakisimama, miongo kadhaa baadaye. Msikitini hapana. Msikiti mkuu wa Damasko, uliokamilika karibu na mwaka 715, una mito, miti na majumba ya kifahari, na hakuna hata ndege. Ukisema Uislamu wa wakati ule haukuwa na picha umekosea, uliokuwa hauna ni mahali fulani.

---

UstadhMdogo

Hapo sina ugomvi na wewe, Bi. Niongeze tahadhari upande wangu. Mti wa Ma'in uliowekwa mahali pa ng'ombe unafanana mno na jibu la Ibn Abbas, na najua mleta uzi atatamani kuviunganisha. Asiharakishe. Vitabu vikubwa vya hadithi, kama cha Bukhari aliyefariki mwaka 870, vilikusanywa zaidi ya karne moja baada ya sakafu ile. Mimi naamini maneno hayo ni ya zamani kuliko vitabu. Lakini kusema fundi Mkristo wa Ma'in alikuwa anayafuata ni jambo la kuthibitisha, si la kukisia.

Na lile la mito ya Bibi Aisha linakwenda kinyume na sakafu. Kwa kipimo hicho picha za kukanyagwa zingepaswa kuachwa. Hazikuachwa. Kwa hiyo aliyeagiza alikuwa mkali kuliko hadithi hiyo, au hakuwa anaipima kwa hadithi hiyo kabisa.

---

Katekista_J

Nimefuatilia kwa makini na nakubali kwamba nyundo haikutumika. Lakini kazi nadhifu haimaanishi kazi ya hiari. Mtu anaweza kung'oa sura ya babu yake mfadhili kwa mkono mtulivu huku moyo unavuja, kwa sababu akikataa kanisa litafungwa. Unadhifu unaonyesha walitaka kuendelea kusali humo. Hauonyeshi walipenda.

---

Bi_Maktaba

Naipokea yote, Katekista. Jeraha linatuambia nani alishika patasi, halituambii nani alimsukuma. Kuna wanaosema ni shinikizo la watawala. Wengine wanasema Wakristo waliokuwa majirani wa Waislamu, wanazungumza lugha moja na pengine wanasali karibukaribu, walianza wenyewe kuona haya picha za viumbe hai katika nyumba ya sala. Mimi nimeegemea hili la pili, kwa sababu uharibifu haufanani kanisa hadi kanisa. Mahali fulani wote wametolewa, mahali pengine baadhi tu, na mengine hayakuguswa. Amri moja yenye askari nyuma yake ingeacha alama zinazofanana zaidi. Lakini ni kuegemea tu.

Kuna kidokezo kimoja palepale Umm al-Rasas, katika kanisa la jirani la Askofu Sergio, la mwaka 587 au 588. Karibu viumbe wote wa sakafu wamevurugwa, isipokuwa sura ya kijana anayewakilisha mojawapo ya majira ya mwaka. Alisalimika kwa sababu ujenzi wa baadaye ulikuwa umemfunika. Waliovuruga hawakubomoa ili wamfikie. Walichotaka ni macho yasikutane na kiumbe. Kiumbe aliyefunikwa hakuwa tatizo.

---

NuruSanaa

Nimeandika upya sentensi ya hoja, niwape muipige:

"Katika sakafu ya Umm al-Rasas kinachokataliwa ni umbo lenye uhai, awe nani na awe wapi, na nafasi yake hujazwa na kitu kisicho na pumzi. Katika ukuta wa Nikea kinachokataliwa ni mtu mtakatifu mahali pa kuheshimiwa, na nafasi yake hujazwa na alama nyingine ya kuheshimiwa."

Halafu nataka kuitaja amri ya Yazid kama sababu inayowezekana ya Umm al-Rasas, kwa kuwa sakafu ni ya 718 na amri ni ya 721.

---

Bi_Maktaba

Sentensi ya kwanza iache. Hiyo ya Yazid ishike kwa mikono miwili, maana mwaka wa sakafu ya katikati wenyewe una mgogoro. Wapo wanaosoma 718, na kwa muda mrefu ilisomwa 785. Ukichukua 718, wavunaji walipangwa, kisha miaka mitatu baadaye ikaja amri, na hadithi yako inakaa vizuri. Ukichukua 785, watu na wanyama walipangwa zaidi ya miaka 60 baada ya Yazid kufa, tena baada ya Bani Umayya kuanguka. Hapo Yazid anatoka kabisa kwenye maelezo, na inabidi ueleze kwa nini mwaka 756 eneo la madhabahu liliwekewa mapambo ya maumbo ya kijiometria bila kiumbe, kisha katikati wakarudi kwenye viumbe, kisha wakaviondoa.

Mimi nafuata 718. Lakini usiandike kana kwamba hakuna aliyewahi kusoma vingine.

---

Jabali77

Kwa hiyo kama ni 718, inawezekana waliovuruga ndio haohao wa 756? Wanaweka mpya isiyo na viumbe kule mbele na kusafisha ya zamani huku katikati, kazi moja?

---

Bi_Maktaba

Ni dhana nzuri, Jabali. Maandishi ya 756 yanataja mozaiki ya madhabahu, hayasemi lolote juu ya kuondoa kitu.

---

FundiSakafu

Hilo maandishi hayatawajibu, chokaa inaweza. Kila fundi ana mchanganyiko wake: kiasi cha mchanga, majivu, vigae vilivyopondwa. Chukueni chokaa iliyo chini ya viraka vya wavunaji mlinganishe na iliyo chini ya sakafu ya Staurakio. Zikifanana, huenda ni kazi ya mkono mmoja na tarehe mnayo. Zikitofautiana, huenda viraka ni vya wakati mwingine. Kuna mtu humu anajua kama imeshafanyika?